Mwezi wa kwanza wa karani mpya katika kliniki ndogo ya Lamu: jina kwanza, pesa baadaye

Nilipoajiri karani wangu wa kwanza nilimketisha kwenye dirisha la mapokezi saa mbili asubuhi, nikamwonyesha kabati la faili, droo ya pesa, kompyuta na simu ya malipo, kisha nikamwambia akikwama aniite. Hakukwama. Alihudumia watu kwa haraka na kwa adabu hadi karibu na adhuhuri, muuguzi alipotoka chumbani na faili mkononi akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama niliye naye anasema penisilini haijamdhuru hata siku moja. Faili inasema ana aleji nayo. Hii ni faili ya nani?" Ilikuwa ya mwanamke mwingine mwenye majina mawili yale yale, naye alikuwa ameketi barazani akingoja kuitwa kwa faili isiyokuwa yake.

Kosa lilikuwa langu. Nilimpa mtu kazi nne kwa siku moja, na ile iliyo kubwa kuliko zote, kumjua aliyesimama mbele yako ni nani hasa, sikumfundisha kabisa kwa kuwa niliiona nyepesi. Tangu hapo mwezi wa kwanza naupanga hivi: wiki ya kwanza ni jina na faili, ya pili ni pesa, ya tatu ni SHA, bima ya afya ya serikali, na rejista, ya nne aachiwe dirisha. Mpangilio huu haubadilishwi, maana risiti yenye jina lisilo sahihi itavuruga hesabu ya jioni, na dai la SHA lenye jina lisilo sahihi litarudi.

Kabla hajafika

Mwanzishe Jumatatu ya pili ya mwezi. Siku tano za kwanza za mwezi ofisi nzima iko kwenye ripoti na hakuna mwenye nafasi ya kumfundisha mtu. Akianza, tuseme, tarehe 8, mwisho wa mwezi utamkuta wiki ya nne, akiwa tayari anaelewa namba anazozijumlisha.

Mkataba uwe umeandikwa na kutiwa saini kabla hajagusa faili. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu muda wa majaribio usiozidi miezi 6 kwa kuanzia, na ndani ya muda huo upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7 au malipo ya siku 7. Mweleze hilo waziwazi siku ya kwanza, asije akalisikia kwa watu wengine. Chukua nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya NSSF, namba ya SHA na akaunti ya benki. Makato ya mshahara hupelekwa ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na namba moja ikikosekana utakuwa unamkimbiza mtu wakati mlango wa mfumo unakaribia kufungwa.

Kwenye kompyuta mfungulie jina lake mwenyewe na neno la siri lake mwenyewe. Najua kliniki nyingi ndogo zina neno moja la siri lililobandikwa ukutani nyuma ya kalenda. Siku faili itakapofutwa hutajua ni mkono wa nani, na wa kwanza kushukiwa atakuwa mgeni.

Siku ya kwanza: akae na wagonjwa

Asubuhi yote asikae dirishani. Mpe daftari akaketi kwenye kiti cha wanaosubiri, kama mgonjwa, na aandike kila jambo la mtu mwingine atakalolisikia. Niliyemfanyia hivi mara ya mwisho aliniletea mistari kumi na moja kabla ya saa nne: nani amerudia vipimo, nani anadaiwa, binti wa nani ametumwa akachukue dawa ya sukari ya baba yake. Yote yalitoka kwenye dirisha letu. Zoezi hili ndilo mafunzo ya kutunza siri, na linashinda hotuba.

Mchana umfundishe jambo moja tu: nani asiyengoja foleni. Karani hapimi ugonjwa, lakini ndiye wa kwanza kuuona. Mtoto anayetetemeka kwa degedege, mtoto aliyelegea asiyeamka vizuri, anayetapika kila kitu au asiyeweza kunywa wala kunyonya. Mjamzito anayetoka damu. Mtu anayeshindwa kupumua au anayeshika kifua. Aliyeumwa na nyoka. Kwa hao wote kengele inapigwa na muuguzi anatoka, kabla ya jina, faili au pesa. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hivyo swali la "umekuja na pesa?" halina nafasi hapo. Mfanye apige ile kengele kwa mkono wake siku hiyohiyo, ajue ilipo na inavyolia. Kuna karani aliyekaa nasi wiki tatu akidhani ni swichi ya feni.

Wiki ya kwanza: jina

Lamu jina ni kazi. Mtu ana jina lake, la baba na la babu, na kwa kuwa majina ya wazee hurudi kwa wajukuu, nyumba moja inaweza kuwa na watu wawili wenye majina matatu yanayofanana. Mwanamke akiolewa habadilishi jina, kwa hiyo jina la mume halikusaidii kitu kwenye faili. Kisha kuna tahajia: Fatma na Fatuma, Khadija na Hadija, Athman na Othman, Mohamed na Muhammad. Kitambulisho kina moja, kijitabu cha kliniki kina nyingine, na mtaani anaitwa kwa jina la tatu ambalo halimo katika karatasi yoyote.

Mafunzo yanaanza na namna ya kuuliza. Usimtajie mgonjwa jina ili akubali. Ukimwambia bibi wa miaka sabini, "Wewe ni Fatma Ali?" atajibu naam: labda hakusikia vizuri, labda hataki kukukatiza, na labda ni kweli ni Fatma Ali ila si yule uliyeshika faili yake. Mwache aseme mwenyewe. Maneno ninayowafundisha ni haya: "Sabalkheri, bibi. Nitajie majina yako matatu, na mwaka uliozaliwa." Asipoukumbuka mwaka, omba kitambulisho. Mtoto mdogo mwulizie kwa kijitabu cha mama na mtoto, na uandike jina la mama pembeni.

Halafu linganisha vitu viwili na faili, si kimoja: majina matatu na mwaka wa kuzaliwa, au majina matatu na namba ya kitambulisho. Namba ya simu usiitegemee, kwani simu moja huenda ikawa ya nyumba nzima, na mwenye nayo yuko baharini.

Faili zipangwe kwa namba, na jina liwe kwenye orodha ya kutafutia tu. Kila mgonjwa mpya anapewa namba inayofuata na kadi ndogo ya kwenda nayo nyumbani. Akija bila kadi, karani atafute kwa tahajia zote kabla ya kufungua faili mpya. Hapo ndipo makarani wapya wanapoteleza: foleni imejaa, jina halionekani, kufungua faili mpya ni dakika moja. Mgonjwa wa presha anaondoka na faili mbili, dawa zake za mwezi uliopita ziko kwenye ile nyingine, na daktari anaanza upya kama hajawahi kumwona.

Kila siku ya wiki hiyo, saa ambayo mashua zimekwisha kuleta watu na ukumbi umetulia, mpe zoezi. Andika majina 20 kwenye karatasi kama watu wanavyoyatamka, si kama yalivyo kwenye kabati, na umwambie alete faili. Tia humo majina mawili ambayo hayapo kabisa na mawili yenye faili zaidi ya moja. Siku ya kwanza huleta kumi na mbili au kumi na tatu. Kufikia Ijumaa nataka 18, na nataka aniambie mwenyewe ni yapi yana faili mbili. Hizo mbili asiziunganishe yeye. Azifunge pamoja kwa mpira na kuziweka kwenye meza ya muuguzi, maana kuamua kama ni mtu mmoja ni kazi ya anayejua ugonjwa ulioandikwa ndani.

Wiki hiyohiyo inabidi ajifunze kukataa kwa heshima, na hili kwa mtu wa Lamu ni gumu kuliko kabati. Mji ni mdogo, kila mtu ni ami au shangazi wa mtu, na kutojibu swali la mkubwa huonekana utovu wa adabu. Simu italia: "Mwanangu, mke wangu amefika hapo leo?" Jibu ni moja kwa mume, mama mkwe, mwalimu wa madrasa na hata chifu: "Samahani, mzee wangu, kwa simu hatumwambii mtu yeyote nani amekuja au hakuja. Mpigie yeye mwenyewe." Sehemu ya pili ya sentensi ndiyo inayookoa, kwa sababu inaonyesha kwamba hujamkataa yeye peke yake. Lisemwe neno kwa neno hata kama huyo mke hakuja, kwani ukisema "hakuja" leo na kesho ukasema "hatusemi", umekwisha kusema.

Dirishani asiulize "una shida gani?" Aulize: "Unataka kumwona daktari, maabara, au uliambiwa urudi?" Mengine ni ya chumbani. Picha ya majibu ya maabara isiingie kwenye simu yake binafsi, hata kwa kumsaidia daktari aliyeko Mokowe, ng'ambo bara. Na akija ndugu yake wa damu, amwite mwenzake amhudumie. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, kliniki ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Kwa hiyo mwambie hivi: ukipoteza karatasi, niambie dakika hiyo, usingoje kuitafuta hadi kesho.

Wiki ya pili: pesa

Jumatatu asubuhi mkabidhi droo ikiwa na chenji ya kuanzia, kiasi kilekile kila siku. Sisi ni shilingi 2,000, kwa noti ndogo na sarafu. Aihesabu mbele yako na atie saini. Jioni nataka namba tatu: wagonjwa waliomo kwenye rejista, risiti zilizokatwa, na pesa zilizopo. Namba hizi zikiongea lugha moja, siku imefungwa.

Nikupe siku moja yenyewe, ya karani aliyekuwa na siku nne tu kwenye droo. Rejista ilikuwa na wagonjwa 23. Kati yao 9 walihudumiwa kwa SHA, 2 walirudi kubadilishiwa bandeji na hatuwatozi, na 12 walilipa. Risiti zilikuwa 12. Mpaka hapo sawa. Jumla ya risiti ilikuwa 14,350: taslimu 5,450 na M-Pesa 8,900. Droo ilikuwa na 7,450. Toa chenji 2,000, inabaki 5,450, vizuri. Lakini taarifa ya namba yetu ya Lipa na M-Pesa ilionyesha 8,100. Zimepungua 800.

Hatua ya kwanza ni kutojumlisha tena. Upungufu ukiwa upande wa M-Pesa na taslimu iko sawa, usipoteze muda kwenye droo. Tulichukua risiti za M-Pesa moja moja na kutafuta msimbo wa kila muamala kwenye taarifa. Ya tano, ya shilingi 800, haikuwepo. Karani alikuwa ameiandika kwa kusoma simu ya mgonjwa, na msimbo ulikuwa halisi kabisa. Tukampigia mgonjwa, akasoma ujumbe tena, na jina la aliyepokea lilikuwa la duka. Alikosea tarakimu moja ya namba yetu. Pesa zilitoka kwake kweli, hazikufika kwetu. Ombi la kurudishiwa lilibidi alipeleke yeye kwa Safaricom, sisi hatukuwa na la kufanya. Kwenye daftari tuliandika deni la 800 kwa namba ya faili yake, na risiti tukaiandikia "haijalipwa" bila kuichana.

Tangu siku ile risiti haikatwi kwa ujumbe ulio kwenye simu ya mgonjwa. Inakatwa pesa zikionekana kwenye simu ya kliniki. Mtandao ukisuasua, karani asome jina la mpokeaji kwa sauti kwenye ujumbe wa mgonjwa, aandike msimbo kwa penseli na kumwomba asubiri kidogo. Mgonjwa mwaminifu hakasiriki ukimweleza sababu. Na asiye mwaminifu, mwenye ujumbe wa kubuni au wa juzi, huwa ana haraka.

Kuna jambo jingine la droo ambalo wengi hawalisemi. Karani mpya akipungukiwa na shilingi 100 atatoa mfukoni mwake, aziweke, na kukuambia imefungana. Anadhani anaonyesha uaminifu. Kumbe amekuficha kosa ambalo kesho litakuwa 1,000, na ameanza kujilipa kwa kupunguza mshahara wake. Mwambie mapema: pungufu huandikwa, ziada pia huandikwa, na hakuna mtu anayefidia kwa siri. Ziada naiogopa zaidi kuliko pungufu, kwa kuwa mara nyingi ina maana kwamba mtu amelipa bila kupewa risiti. Anayefidia kwa siri utamgundua kwa dalili moja: hesabu inayofungana hadi shilingi ya mwisho kila siku kwa wiki mbili mfululizo, kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza. Hapo kaa naye, uulize kwa upole.

Wiki ya tatu: SHA na rejista

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na bado wapo wagonjwa wanaoleta kadi ya zamani wakidhani inatosha. Karani ajue kumsaidia mtu kuangalia usajili wake kwa kupiga `*147#` kwenye simu, na ajue kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kusajiliwa ni kitu kimoja, kulipa mchango ni kingine. Huduma za nje za ngazi ya 2 na 3, katika kituo chenye mkataba, hulipwa na Mfuko wa Huduma za Afya za Msingi, na mgonjwa anahitaji kuwa amesajiliwa tu. Kulazwa kunadai michango iliyolipwa. Akimwambia mvuvi "SHA yako haifanyi kazi" bila kusema ni ipi kati ya hizo, atamfukuza mtu aliyekuwa na haki ya kuhudumiwa.

Usimwachie kutuma madai wiki hii. Akusanye yaliyorudishwa miezi mitatu iliyopita na kuyapanga kwa sababu. Kwetu rundo refu limekuwa la majina yasiyolingana na kitambulisho, linalofuata ni ugonjwa usioandikwa au saini iliyokosekana. Akiziona karatasi zile, wiki ya kwanza inamrudia yenyewe, na hutahitaji kumkumbusha tena kuhusu Fatma na Fatuma.

Kwa rejista, mwonyeshe namba zinatoka wapi na zinakwenda wapi. MOH 204A ni ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka 5, MOH 204B ni ya waliozidi, na kutoka humo ndimo zinamozaliwa ripoti za mwezi za MOH 705A na MOH 705B, ambazo tunazifikisha kaunti ndogo ifikapo tarehe 5. Umri ndio unaokosewa. Mtoto wa miaka minne na miezi kumi na moja huandikwa "5" kwa kukadiria, na anahamia ripoti isiyo yake. Aandike tarehe ya kuzaliwa kutoka kwenye kijitabu, kisha ahesabu.

Wiki ya nne: umpishe

Siku tatu za mwanzo kaa chumba cha nyuma, mlango ukiwa wazi, na usitoke asipokuita. Itakuwia vigumu. Andika unayoyasikia, kama yeye alivyoandika siku yake ya kwanza, na mkae pamoja kwa nusu saa baada ya kufunga, si mbele ya wagonjwa.

Kama wiki hiyo imeangukia mwisho wa mwezi, ajumlishe rejista peke yake na wewe ujumlishe kivyako, kisha mlinganishe. Msipopatana, msiseme nani kakosa mpaka mmerudi kwenye ukurasa wa siku yenyewe. Mara mbili nimekuta mimi ndiye niliyeruka mstari.

Siku moja katikati ya wiki, panda mashua ya asubuhi uende Mokowe kwa shughuli zako, na simu ushike kwa ajili ya dharura tu. Usichague siku ya kusi kali, usije ukakwama huko naye akalala na funguo. Ukirudi baada ya alasiri, usimwulize siku ilikuwaje. Fungua rejista uhesabu vichwa, uhesabu risiti, uhesabu droo na taarifa ya M-Pesa. Kisha chukua faili tano kutoka kwenye zilizotumika siku ile, bila kuchagua, na ulinganishe majina matatu na mwaka wa kuzaliwa na vilivyoandikwa kwenye rejista. Mwisho tazama ukurasa wa pungufu na ziada. Kukiwa na mstari umeandikwa hapo kwa mkono wake, na kiasi, na sababu anayoidhani, mkabidhi funguo ya kabati ya pili aende nayo nyumbani.